Kigoda cha Mzee Shomari

Alicheka kabla sijamaliza neno.

Tulikuwa barazani kwa shangazi, umeme umekatika, nami nawasomea kwa mwanga wa simu hadithi ninayoiandika: habari za Mzee Shomari, mtambaji wa kijiji kimoja cha wavuvi Unguja, ambaye hapiti usiku wa hadithi bila kuanguka au kuangusha kitu. Nilikuwa nimefika usiku wa tatu, mzee ndiyo kwanza anaketi juu ya kigoda chake. Nikatamka "Kika...", na binti ya kaka yangu akaangua kicheko. Kitenzi chenyewe alikuwa hajakisikia.

Shangazi hakucheka. Aliniacha nimalize, kisha akauliza: "Mwanangu, huyu mzee anaumwa?"

Kicheko kile na swali lile vimenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mwanzoni niliviona vitu viwili visivyohusiana. Sasa naona vinahusu jambo moja: msomaji anapewa nini mapema, na anaachiwa nini akimalize mwenyewe.

## Kwa nini anaanguka

Nianze na swali la shangazi, maana lisipojibiwa mengine yote hayana pa kusimama.

Mzee anayeanguka si kichekesho kwetu. Mzee akijikwaa njiani watu humpa pole, humshika mkono, humtafutia pa kukaa. Msomaji aliyelelewa hivyo akikutana na mzee anayepepesuka ukurasa wa kwanza, huruma inatangulia kicheko. Mwangushe tena ukurasa wa tatu, atazidi kumhurumia. Mwangushe mara nyingine, atakasirika, na hasira hiyo itamwangukia mwandishi.

Kinachohitajika ni sababu ya kuanguka. Kwa hiyo kabla ya usiku wa kwanza niliandika mchana mmoja. Maji yamekupwa, Mzee Shomari yuko pwani anashona nyavu, na vidole vyake vinapitisha uzi bila macho kuvifuata. Kisha anapanda ngalawa na kutembea juu ya ukingo wake, mwembamba kuliko nyayo zake, mpaka omoni, nanga ikiwa begani. Hayumbi. Haangushi kitu.

Usiku ukiingia na mikono ileile ikaangusha kandili, msomaji anajua kwamba si uzee wala maradhi. Ni hadithi. Mzee Shomari hawezi kusema "simba akaruka" huku ameketi, lazima aruke. Hawezi kusema mlango wa jumba ulikuwa mfupi bila kuinama ili apite katika mlango usiokuwapo. Mwili wake wote unahamia ndani ya hadithi, na vitu vya barazani vinabaki bila mtu wa kuviangalia: kigoda, kandili, mtungi wa maji, mguu wa jirani.

Maanguko yake yote sasa yana chanzo kimoja, na chanzo hicho ndicho kinachomfanya apendeke.

Nilipomsomea shangazi upya, hakuuliza tena habari ya ugonjwa. Aliuliza simba alimfanya nini mfalme.

Hapo hapo nikajiwekea sharti jingine: ndani ya hadithi hakuna anayecheka. Ukiandika "watoto wakavunjika mbavu", umemaliza kazi ya msomaji kwa niaba yake, naye anabaki kutazama watu wengine wakifurahi. Watoto wa kijiji hiki wanampenda mzee wao, na shida yao ni moja tu, kujua kilichofuata. Akianguka wanasogeza jamvi apate nafasi, wanarudi kuwa kimya. Kicheko kinakosa mwenyewe, na msomaji anakichukua.

## Mzee anaanguka katikati ya mistari miwili

Usiku wa kwanza ndio mzazi wa mzaha wote. Ukiharibika, hakuna cha kurudia. Tazama kwanza jinsi habari yenyewe inavyoweza kuandikwa na mtu aliye na haraka:

> Mzee Shomari alianguka kwa kishindo kwa sababu kigoda hakikuwa mahali alipokiacha, kwani alikipiga teke alipokuwa akiigiza simba.

Sarufi iko sawa na kicheko hakipo. Anguko limetangulia, halafu yamefuata maelezo. Msomaji akifika kwenye teke, jambo lilishakwisha zamani.

Hivi ndivyo ilivyo sasa:

> Mzee Shomari akanyanyuka, akakunja mgongo, akanguruma, akaruka. Mguu wake wa nyuma ukagusa kitu. Akanguruma tena. Akafuta jasho, akaweka sawa kofia, akarudi hatua moja, akajishusha taratibu huku anasema: "Sasa mfalme, alipomwona yule simba..."
>
> Kigoda kilikuwa upenuni.

Mzee ameanguka, na hakuna sentensi inayosema kwamba ameanguka.

Teke limekuja mapema, limefichwa katikati ya ngurumo mbili. Msomaji ameliona, lakini ngurumo ya pili imemvuta asilifikirie. Kila kinachohitajika ili pigo lieleweke kimeshafika kabla ya pigo lenyewe. Hiki ndicho kipimo ninachotumia siku hizi kwa kila mzaha: nikihisi hamu ya kuongeza "kwa sababu" baada yake, najua kuna kitu nilipaswa kukitaja mistari mitatu nyuma.

Halafu kuna mwendo. Kila "aka-" ni hatua moja, na hatua zinafuatana kwa urefu unaokaribiana mpaka sikio linazizoea. Kisha inakuja "kilikuwa". Haina ile "ka", haina tendo, ni kitu kimetulia mahali pake na kilikuwa kimetulia hapo kwa muda wote. Mwendo unakatika ghafla. Nilijaribu "kigoda kikawa upenuni" na ikafa palepale, maana "kikawa" inaendelea kutembea na wenzake. Aya mpya nayo inafanya kazi: jicho linashuka mstari mmoja, na mzee anashuka nalo.

Jambo lililonisitisha zaidi hapa ni tanakali ya sauti. Mtambaji wa kweli angemalizia na "pu!", kiganja kikipiga sakafu, na baraza zima lingelipuka. Niliiweka, nikaitoa, nikairudisha. Mwishowe nimeiacha nje, kwa sababu kwenye karatasi "pu" inafika ikiwa imechelewa: inasimulia kilichokwisha kuonekana. Tanakali nimeihifadhia mahali ambapo sauti ndiyo habari yenyewe, usiku wa pili, kandili inapopigwa kumbo:

> Kandili ikazimika. Giza likawa totoro, na mzee akaendelea kumtafuta simba. Tukasikia hatua zake zikienda kulia, zikasimama, zikarudi kushoto. Kisha, upande wa mtungi: chubwi.

Hapo hakuna anayeona, kwa hiyo sauti haina mpinzani. Na imekaa mwisho kabisa wa sentensi, baada ya msomaji kuambiwa ni upande gani.

## Mdomo na karatasi

Kwa nini mtambaji anaweza kurudia jambo lilelile mara tano neno kwa neno na watu wakazidi kufurahi, na mwandishi hawezi?

Ichukue ngano ya sungura na kisima, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa namna moja au nyingine. Wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba, kisha anawalaghai walinzi wanaowekwa kwa zamu ili anywe maji. Kila mlinzi anadanganywa karibu kwa njia ileile, mara nyingi kwa wimbo uleule, mpaka kobe anapomkamata. Ikisimuliwa kwa mdomo, wimbo huo haukatwi hata kidogo. Unaimbwa wote, kila mara, na wanaouimba ni watoto walioketi. Marudio ni zamu yao, na mtu hachoki na zamu yake.

Msomaji hana zamu. Yuko peke yake na ukurasa, hana wa kuimba naye. Hana hata uso wa msimulizi wa kuutazama. Mzee Majuto, mchekeshaji wa Tanga aliyefariki mwaka 2018, aliweza kukaa kimya akakodoa macho tu na watu wakawa hoi. Karatasi haina macho ya kukodoa.

Kwa hiyo msomaji lazima apewe zamu ya aina nyingine, na zamu hiyo ni kukamilisha. Kila mzaha unaporudi, naupunguza. Usiku wa kwanza kigoda kinachukua karibu ukurasa mzima pamoja na maandalizi yake. Usiku wa pili, kabla ya mambo ya kandili, kinapata sentensi tatu. Kile nilichokikata msomaji anacho tayari, na anakitia mwenyewe. Dalili kwamba sijakata vya kutosha naisikia nikisoma kwa sauti: wasikilizaji wanatabasamu mwanzoni mwa tukio, na tabasamu linakuwa limekauka kabla sijafika mwisho.

## Kikavunjika

Sasa niurudie usiku wa tatu, ule wa kicheko kilichowahi.

> Usiku wa tatu alikuja mapema. Akakikagua kigoda, akakitikisa, akakiegemeza ukutani kisiende popote. Akaketi. Hakuruka, hakunguruma, hata mikono aliikunja.
>
> "Paukwa!"
>
> Kikavunjika.
>
> "Pakawa," tukaitikia.

Baada ya siku mbili, "ki" yoyote inayosogea karibu na Mzee Shomari ni kigoda. Sina haja ya kukitaja. Silabi moja inatosha kumleta mhusika mzima jukwaani, na kitenzi bado hakijafika. Katika nafasi hiyo ndogo msikilizaji anajiundia kitenzi chake mwenyewe. Mtoto yule alikuwa ameshaunda cha kwake, na alikicheka hicho. Kama ningeandika "Kigoda kikavunjika", jina lingekaa mbele na kuziba nafasi hiyo.

Lakini njia hii ina masharti. Ndani ya ukurasa huo pasiwepo kitu kingine cha ngeli hiyo kinachoweza kuvunjika. Mzee wangu alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi usiku huo, na hapo pigo lote lilikuwa hatarini, maana kikombe nacho huvunjika, tena kwa urahisi kuliko kigoda. Kahawa nikaihamishia usiku mwingine. Taa nayo ilikuwa kibatari katika rasimu za mwanzo, ikawa kandili. Sikufanya hivyo kwa ajili ya mandhari. Niliondoa kila "ki" isiyokuwa na kazi, ili ile moja ibaki bila mshindani.

Na mahali pake je? Kati ya "Paukwa" na "Pakawa" kuna pumzi moja ambayo kila aliyewahi kukaa chini kusikiliza ngano anaujua urefu wake. Msomaji hawezi kupita "Paukwa" bila kuitikia moyoni. Pigo limeingizwa ndani ya pumzi hiyo, kabla hajaitikia. Watoto wanaitikia kama kawaida, kwa sababu mtambaji ameita, na mtambaji akiita huitikiwa hata akiwa chini.

Tena mzee amefanya kila alichoweza. Msomaji alitegemea kigoda kihame. Mzee akakiegemeza ukutani, njia hiyo ikafungwa. Msomaji anatakiwa ajue kwamba jambo litatokea. Asijue litaingilia mlango gani.

## Msumari wa Juha

Nikakwama usiku wa nne. Kigoda kimeshahama, kimeshavunjika, sasa kifanye nini?

Kilichonisaidia ni kisa cha Waarabu kuhusu msumari wa Juha, mtu anayefanana sana na Abunuwasi wetu. Juha anauza nyumba, ila anasema msumari mmoja ukutani unabaki kuwa wake. Mnunuzi anakubali, msumari ni kitu gani? Kisha Juha anaanza kuja. Anakuja kutundika nguo. Anakuja tena na kitu kingine. Mnunuzi anavumilia, maana haki ni haki. Mwisho Juha anatundika mzoga, na uvundo unamtoa mnunuzi ndani ya nyumba yake.

Haki ya Juha haibadiliki hata kidogo tangu siku ya kwanza. Kinachobadilika ni uzito wa kitu anachotundika, na anayeumia ni mtu mwingine. Nikaangalia kigoda changu kwa jicho hilo. Katika siku zote tatu aliyeumia ni Mzee Shomari peke yake. Kuzidisha uzito upande wake kungekuwa kumvunja mguu, na hapo tungerudi kwa shangazi na swali lake. Uzito ulitakiwa umhamie mtu mwingine, ambaye kumwangusha kuna gharama kijijini.

Huyo ni sheha.

Lakini sheha hawezi kuja usiku wa nne, mara tu baada ya kigoda kuvunjika. Ingekuwa haraka mno, na msomaji angeona mkono wa mwandishi. Kwa hiyo usiku wa nne kigoda nimekipa sentensi moja tu: kimefungwa kamba ya usumba, kipo barazani, na mzee ameketi chini kando yake. Hakuna kinachotokea. Mzaha unapumzika. Nilisita kuliacha tukio tupu namna hiyo, lakini nilipolisoma kwa sauti niliona macho ya wasikilizaji yakiendelea kungoja, na kungoja huko ndiko nilikokuwa nakuhitaji usiku wa tano.

## Jina la mfalme

Sijautaja bado mzaha wa pili. Tangu usiku wa kwanza Mzee Shomari anasimulia habari za mfalme mchoyo anayehesabu samaki wa watu, na kila akimfikia anasema: "Jina lake... nitalikumbuka." Watoto wanamtajia majina, anakataa. Usiku wa pili anatoa fununu: ni jina lenye kuvua ndani yake. Watoto wanasema Mvuvi, wanasema Nyavu. Sio.

Mzaha huu ni mdogo makusudi. Hauna kishindo, unapita kwa mstari mmoja kila usiku, na msomaji anauchukulia kuwa tabia tu ya mzee msahaulifu. Jicho lake liko kwenye kigoda.

Usiku wa tano sheha anakuja kusikiliza. Mgeni wa heshima haachwi amesimama, na kiti kilichopo ni kimoja. Watoto wanakitazama kigoda, wanaitazama kamba. Sheha anaketi. Hapa nimejiruhusu kurudi kwenye urefu wa usiku wa kwanza: kamba inalia kidogo, sheha anahamisha uzito, anaegemea, anainuka nusu kuchukua tasbihi yake, anaketi tena. Kigoda kimeshika. Mzee Shomari anasimulia bila kukiondolea macho, na usiku huu haruki wala hangurumi. Ndipo Mwanaidi, mdogo kuliko wote, anapouliza mfalme yule aliitwa nani.

> Mzee Shomari akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Sheha Vuai, aliyekuwa akitabasamu na kungoja kama wengine.
>
> Akasema: "Nitalikumbuka."

Neno ni lilelile la siku zote. Siku nne alilisema kwa kuwa amesahau. Usiku huu analisema kwa kuwa amekumbuka.

Ili hilo lifanye kazi, jina la Vuai lilitakiwa liwepo tangu mwanzo na lisionekane. Kaka yangu alilinasa mapema katika rasimu moja, na tulipotafuta sababu tukaipata: jina lilikuwa mwisho wa sentensi, mahali ambapo sikio hupumzika. "Mzee alikuwa akishona nyavu za Sheha Vuai," nukta. Sasa imekuwa hivi: "Nyavu za Sheha Vuai zilichanika katikati, tundu la kupita papa." Msomaji anaondoka na papa. Jina limebaki katikati, na limetajwa mara mbili tu kabla ya usiku wa tano, mara zote mchana, mbali na mfalme.

Wengi waliosikia wanataka kigoda kivunjike chini ya sheha. Nimelifikiria sana ombi hilo na sitalikubali. Kikivunjika, kishindo chake kitalizima lile "nitalikumbuka", maana mapigo mawili kwenye ukurasa mmoja huuana, na lenye kelele ndilo hushinda. Zaidi ya hapo, sheha akianguka msomaji atafurahi kwamba mchoyo amekomeshwa, na hiyo ni furaha ya aina nyingine kabisa. Kamba ya usumba imeshika mpaka mwisho kwa sababu kazi ya kigoda usiku ule ilikuwa kuyashika macho ya watu.

Nilichobadilisha juzi ni kitu kidogo. Mstari wa mwisho ulikuwa: "Nitalikumbuka," akasema. Nimelitanguliza "akasema", ili baada ya neno la mzee pasibaki neno langu lolote.